Shilingi Tatu Zilizozaliwa Sawa

Mwaka 1966 Afrika Mashariki ilipata benki kuu tatu katika muda wa miezi michache tu. Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango yake Juni 14, ya Uganda Agosti 15, na ya Kenya Septemba. Kabla ya hapo nchi hizo zilikuwa na fedha moja, shilingi ya Afrika Mashariki, chini ya bodi ya sarafu iliyoundwa na Waingereza mwaka 1919. Serikali mpya zilitaka kusimamia fedha zao zenyewe, na kila moja ikatoa noti zenye nembo yake. Thamani, hata hivyo, hazikuigusa. Shilingi zote tatu zilianza pale ilipoishia ile ya zamani: 20 kwa pauni moja ya Uingereza, sawa na shilingi 7 na senti 14 kwa dola ya Marekani. Mfanyabiashara wa Mwanza aliyekuwa na deni Kisumu alilipa shilingi kwa shilingi.

Leo dola moja inanunuliwa kwa shilingi takriban 129 za Kenya, 2,500 hivi za Tanzania, na karibu 3,600 za Uganda. Hiyo ya Uganda ina siri ndani yake, maana mwaka 1987 serikali ilifuta sifuri mbili kwenye noti zake. Ukizirudisha, dola moja ni shilingi 360,000 za zile zilizoanza mwaka 1966. Kwa hiyo, ukipima kwa dola, shilingi ya Kenya imeshuka mara 18, ya Tanzania mara 350, na ya Uganda mara 50,000. Zilizaliwa mwaka mmoja, zikiwa na thamani moja, katika nchi jirani zinazolima kahawa na chai na kununua mafuta katika soko lilelile la dunia. Mchumi anayetaka kujua kwa nini sarafu hudhoofika hawezi kuomba jaribio zuri kuliko hili.

Kwanza tuondoe maelezo moja yanayosikika sana mipakani. Mkenya anayevuka Namanga na kupewa shilingi 19 za Tanzania kwa kila moja yake hutaniwa kwamba nchi yake ni tajiri mara 19. Sivyo. Yeni ya Japani katika miaka hii imekuwa ikiuzwa karibu 150 kwa dola, yaani kwa tarakimu tupu ni dhaifu kuliko shilingi ya Kenya, na hakuna anayedhani Nairobi imeipita Tokyo kwa utajiri. Wingi wa sifuri kwenye noti hauonyeshi leo mtu anakula nini. Unaonyesha kilichopita: kwa miaka hamsini na zaidi, fedha iliongezeka kwa kasi gani ikilinganishwa na vitu vya kununua.

Hoja hii ilipewa umbo na Gustav Cassel, profesa wa Stockholm, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla ya vita, sarafu kubwa za Ulaya zilifungwa kwenye dhahabu, na bei ya moja dhidi ya nyingine haikuwa na mjadala. Vita vilipoanza mwaka 1914 serikali ziliacha dhahabu na kuchapisha noti za kulipia majeshi na mizinga. Bei zikapanda, lakini hazikupanda sawa kila mahali. Swali likawa: vita vikiisha, sarafu hizi zibadilishwe kwa kiwango gani? Cassel alijibu kwamba mtu hahitaji sarafu ya kigeni kwa ajili ya urembo wake. Anaihitaji kwa sababu ya vitu inavyoweza kununua huko ilikotoka. Basi kiwango cha kubadilishia kinapaswa kufuata uwezo huo. Bei zikipanda maradufu nchini kwako na zikatulia kwa jirani, sarafu yako itashuka hadi nusu ya ilivyokuwa. Mwaka 1918 aliliita wazo hilo usawa wa uwezo wa kununua.

Miaka mitano baadaye Ujerumani ilimpa ushahidi wa kutisha. Marki iliyokuwa 4.2 kwa dola kabla ya vita ilifika trilioni 4.2 kwa dola mwezi Novemba 1923.

Lakini bei zenyewe hupandishwa na nini? Hapa ndipo fedha inapoingia. Tuseme kwa mwaka mzima nchi imezalisha vitu vingi zaidi kwa asilimia 3, na fedha mikononi mwa watu na katika akaunti zao imeongezeka kwa asilimia 25. Watu wana shilingi nyingi zaidi za kufukuzia bidhaa zilezile, au zilizoongezeka kidogo tu. Wenye maduka wanaona mzigo unaisha upesi na wanapandisha bei. Kama watu hawajabadili tabia yao ya kushika fedha, bei zitapanda kwa takriban asilimia 22, ile tofauti kati ya 25 na 3. Sharti hilo la tabia ni zito, na tutalirudia. Jirani naye akiwa na hesabu yake ya namna hiyo, yenye jibu dogo zaidi, pengo kati ya majibu hayo mawili ndilo litakaloonekana, mapema au baadaye, kwenye ubao wa duka la kubadilisha fedha.

Neno “kuchapisha” nalo linahitaji ufafanuzi. Mara nyingi mashine haziguswi. Serikali yenye pengo katika bajeti inaiomba benki kuu, na benki kuu inaandika nambari katika akaunti ya serikali. Wizara inalipa mishahara, shirika la umma linalofanya hasara linapata mkopo kutoka benki ya taifa, mkandarasi anapata hundi yake. Fedha hiyo haikutoka kwenye kodi ya mtu wala kwenye akiba ya mtu. Imezaliwa siku ile, na kesho yake iko sokoni ikitafuta sukari.

Tanzania ya miaka ya 1970 na 1980 ilipita njia hiyo hatua kwa hatua. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa. Bei ya mafuta ilipanda, kisha vikaja vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979, vilivyolipiwa na nchi isiyokuwa na akiba ya kutosha. Mashirika ya umma yalikuwa mengi na baadhi yake yaliishi kwa mikopo tu. Pengo lilizibwa kwa kukopa benki, na fedha ikakua kwa kasi iliyozidi mara kadhaa ile ya uzalishaji. Kati ya mwaka 1980 na 1990 mfumuko wa bei haukushuka chini ya asilimia 25 hata mwaka mmoja. Wastani wake ulikuwa asilimia 30 hivi. Kenya, kwa kipindi hichohicho, ilikuwa na wastani wa asilimia 12.

Kiwango rasmi cha shilingi, hata hivyo, hakikukiri mambo hayo. Mwaka 1980 dola iliuzwa benki kwa shilingi 8 na senti 20, si mbali sana na ile 7.14 ya mwanzo. Mwalimu Nyerere aliyakataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, likiwamo la kushusha thamani ya shilingi, na alikuwa na sababu zake: kushusha thamani kungepandisha bei ya dawa, mafuta na vipuri kwa watu ambao tayari walikuwa wamebanwa. Lakini kiwango kinachoshikiliwa kwa amri huku bei za ndani zikipaa kina gharama yake. Mkulima wa kahawa au wa pamba alilipwa shilingi kwa kiwango cha benki, kisha akaenda kununua jembe na khanga kwa bei za mtaani. Akaona hakuna faida, akapunguza kulima au akatafuta njia ya panya. Mwagizaji naye alitamani dola ya benki kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa ilikuwa ya bure nusu nzima. Wanaotaka dola wakawa wengi na wanaozileta wakawa wachache. Rafu za maduka zikabaki tupu. Sabuni, sukari na mafuta ya kupikia vikawa vitu vya kutafutwa kwa foleni na kwa kujuana.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Watu walikamatwa, na bidhaa zilizofichwa zikatolewa hadharani. Kuna waliostahili kukamatwa. Ila kama ni kutafuta chanzo cha ulanguzi, kilikuwa kwenye vitabu vya hesabu za serikali zaidi ya kwenye maghala ya Kariakoo. Pale bei rasmi na bei ya kweli zinapoachana mara tatu au nne, mlanguzi huzaliwa hata kama hakuwapo.

Mageuzi yalianza taratibu mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana wamezipata wapi. Mwaka 1986, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa madarakani, shilingi ilishushwa kutoka 17 hivi kwa dola hadi 40, na ikaendelea kushushwa. Mwaka 1990 dola ilikuwa shilingi 195. Mwaka 1992 sheria mpya ya fedha za kigeni ikaruhusu maduka binafsi ya kubadilisha fedha, na bei ya uchochoroni ikapoteza uchochoro wake.

Sasa tupime nadharia ya Cassel kwa namba hizo. Bei zikipanda kwa asilimia 30 Tanzania na kwa 12 Kenya, shilingi ya Tanzania haishuki dhidi ya ile ya Kenya kwa 18, kama wengi wanavyotoa haraka haraka, bali inagawanywa: 1.30 kwa 1.12, ambayo ni 1.16. Kwa hiyo kila mwaka shilingi ya Kenya inapaswa kupanda kwa asilimia 16 dhidi ya dadake. Ukirudia hivyo kwa miaka kumi, inapanda mara 4.4.

Mwaka 1980, kwa viwango rasmi, shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na 1.10 za Tanzania. Zidisha kwa 4.4 na unapata kama 4.9. Lakini mwaka 1990 kiwango halisi kilikuwa 8.5. Je, nadharia imekosea? Kilichokosea ni mahali pa kuanzia. Ile 1.10 ya mwaka 1980 ilikuwa ya kwenye karatasi. Mtaani dola ilikuwa tayari inauzwa Dar es Salaam kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya benki. Ukianza na mbili na kitu badala ya moja na kitu, jibu linakaribia tisa, na hapo namba ya 1990 haishangazi tena. Hesabu haitakaa sawa hadi senti, kwa sababu hata mwaka 1990 mtaani dola ilikuwa bado juu kuliko benki. Lakini mwelekeo na ukubwa wa anguko ni ule uliotarajiwa. Serikali iliweza kuchelewesha bili kwa miaka, haikuweza kuifuta.

Jambo lenye mafundisho zaidi ni yaliyofuata. Katikati ya miaka ya 1990 Tanzania iliacha kuziba mapengo ya bajeti kwa mikopo ya benki kuu na kufungia matumizi kwenye makusanyo. Mfumuko wa bei, uliokuwa zaidi ya asilimia 25 mwaka 1995, ulifika tarakimu moja kabla ya muongo kuisha. Shilingi nayo ikafuata. Mwaka 2000 shilingi ya Kenya ilikuwa sawa na kama kumi na nusu za Tanzania. Mwaka 2010, kama 17 na nusu. Leo inazunguka 19 na 20. Katika muongo wa 1980 pengo lilipanuka karibu mara nane. Katika miaka kumi na mitano iliyopita halikupanuka hata kwa asilimia 15, kwa kuwa mfumuko wa bei wa nchi hizi mbili sasa unakaribiana, na kuna miaka wa Tanzania umekuwa mdogo kuliko wa Kenya.

Uganda inaonyesha upande wa pili wa ile hesabu ya fedha na vitu: unaweza kuharibu sarafu hata kwa kupunguza vitu. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Viwanda, maduka na mashamba makubwa yakaangukia mikononi mwa watu wasiojua kuyaendesha, na viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikazorota. Vitu vikapungua wakati noti zinaongezeka kulipia jeshi. Kahawa ilipopanda bei duniani, baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazili mwaka 1975, magunia mengi ya Uganda hayakupita Kampala. Yalivushwa kwa magendo hadi Chepkube, upande wa Kenya, kwa sababu mwenye kahawa alitaka kulipwa kwa fedha yenye kununua kitu.

Wakati serikali ya Yoweri Museveni inaingia mwaka 1986, mfumuko wa bei ulikuwa umezidi asilimia 100. Mei 1987 ikabadilisha noti: shilingi 100 za zamani kwa moja mpya, na juu yake kodi ya asilimia 30. Aliyepeleka shilingi 1,000 za zamani alihesabiwa 10, akakatwa tatu, akaondoka na saba. Wakati huohuo dola ikawekwa kwenye shilingi mpya 60. Wengi walidhani ugonjwa umekatwa. Lakini serikali iliendelea kukopa benki kuu, na bei mwaka 1987 na 1988 ziliendelea kupanda kwa karibu asilimia 200 kwa mwaka. Kufuta sifuri ni kazi ya mchoraji wa noti, na haigusi kasi ya fedha mpya.

Dawa ilikuja mwaka 1992, nayo ilikuwa chungu na rahisi kueleza. Wizara ya fedha, ikiwa na Emmanuel Tumusiime-Mutebile kama katibu mkuu wake, ilianza bajeti ya fedha taslimu: wizara hazikupewa zaidi ya kile kilichokusanywa na kupokewa. Kisichokuwa na fedha kikangoja. Muda si mrefu mfumuko ukashuka hadi tarakimu moja, na tangu hapo shilingi ya Uganda imeteremka kwa mwendo wa kawaida. Ile mara 50,000 karibu yote ni kazi ya miaka ishirini hivi ya mwanzo wa 1970 hadi mwanzo wa 1990.

Msomaji wa Nairobi anaweza kujipongeza akifika hapa, na asijipongeze mapema. Kenya ilifanya kosa hilohilo, ila kwa muda mfupi. Mwaka 1991 wafadhili walizuia misaada. Mwaka uliofuata ukawa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960, na fedha zikamwagika kwenye kampeni hadi noti ya shilingi 500 ikabandikwa mtaani jina la Jirongo, kiongozi wa kundi la vijana wa KANU. Juu ya hayo kulikuwa na kashfa ya Goldenberg, ambamo serikali ililipa fidia kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo hayakuwapo. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa asilimia 46. Dola, iliyokuwa shilingi 36 hivi mwishoni mwa 1992, ilifika karibu 68 mwishoni mwa 1993.

Benki Kuu ya Kenya ikazifyonza fedha zilizozidi kwa kuuza hati fungani za muda mfupi kwa riba iliyopita asilimia 70. Riba ya namna hiyo inaua biashara, lakini ilifanya kazi: mwaka 1995 mfumuko ulikuwa chini ya asilimia 2, na dola ilikuwa tayari imerudi karibu na shilingi 45 mwishoni mwa 1994. Tazama kwamba haikurudi 36. Sehemu ya anguko ilikuwa hofu, na hofu ilipoisha sarafu ikapanda. Sehemu nyingine ilikuwa bei zilizokwisha kupanda, na hizo hazikurudi chini. Soko la fedha za kigeni hukimbia mbele ya bei za dukani kwa sababu wenye dola hawangoji takwimu za mfumuko zitangazwe.

Hilo linatufikisha kwenye mipaka ya nadharia yenyewe, na mipaka hiyo ni mikubwa kiasi kwamba anayeitumia kubashiri bei ya dola ya mwezi ujao atapoteza fedha zake.

Januari 2024 shilingi ya Kenya ilikuwa imepita 160 kwa dola, na ukivuka mpaka ilikuletea chini ya 16 za Tanzania. Kufikia Aprili dola ilikuwa 130 na kitu, na shilingi hiyo ilileta zaidi ya 19. Hakuna kilichotokea kwenye bei ya unga wala ya mkate kinachoweza kueleza mruko huo. Kilichotokea ni deni: Kenya ilikuwa na hati fungani ya dola bilioni 2 iliyopaswa kulipwa Juni, wawekezaji wakahofia haitalipwa, na Februari serikali ikapata mkopo mpya wa dola bilioni 1.5 wa kununulia sehemu ya ule wa zamani. Hofu ikaisha, dola zikarudi. Katika miezi, hata katika mwaka mmoja au miwili, sarafu huongozwa na mikopo, riba, mvua, bei ya mafuta na uvumi. Bei na wingi wa fedha huanza kusikika vizuri baada ya miaka mitano, na baada ya ishirini huzima sauti nyingine zote.

Mpaka wa pili ni ile tabia ya kushika fedha iliyoahidiwa kurudiwa. Katika miaka mingi ya 2000 fedha Tanzania iliongezeka kwa asilimia 20 hivi kwa mwaka, na bado mfumuko ulibaki karibu na asilimia 5 hadi 7. Uchumi ulikuwa unakua, na watu waliokuwa wakiweka akiba ya ng'ombe, mabati na tofali walianza kufungua akaunti. Fedha iliyotulia benki haifukuzii sukari. Kinyume chake huja imani ikivunjika: kila mtu anataka kuitoa noti mkononi kabla haijashuka, na bei zinapanda kuliko hata fedha iliyoongezwa. Kwa hiyo takwimu ya ukuaji wa fedha peke yake haitoshi kumhukumu gavana. Iulizwe pamoja na nani amekopeshwa, serikali au mwenye kiwanda, na kama vitu vinaongezeka.

Tatu, usawa wa Cassel hautokei kamwe kwa ukamilifu, hata kama mwendo wake ni wa kweli. Badilisha dola moja kuwa shilingi na uitumie Tanzania, utapata zaidi ya mara mbili ya kile ambacho dola hiyo ingenunua Marekani. Sababu ni kwamba si vitu vyote vinavyopanda meli. Mafuta na simu vina bei zinazokaribiana duniani, lakini kinyozi wa Morogoro hawezi kumnyoa mtu wa Boston, na chumba cha Tandika hakipangishwi Chicago. Huduma hizo hufuata mishahara ya mahali, na mishahara ya mahali hufuata uzalishaji wa mahali. Ndiyo maana Benki ya Dunia, inapolinganisha utajiri wa nchi, hutumia hesabu mbili: moja kwa bei ya dola sokoni, nyingine kwa kile fedha inachonunua kweli. Anayekuta Pato la Taifa la Tanzania limeandikwa kwa ukubwa tofauti kabisa katika jedwali mbili asidhani mmoja amedanganya.

Mtu wa kawaida anaweza kuujua ugonjwa huu bila shahada. Dalili ya kwanza ni pengo kati ya dola ya benki na dola ya mtaani. Likiwa la asilimia moja au mbili, ni faida ya muuzaji tu. Likifika asilimia 30, kiwango rasmi kimeshakufa, hata kama kinatangazwa kila asubuhi. Burundi iko hapo sasa. Mei 2023 ilishusha faranga kwa mkupuo mmoja, kutoka karibu 2,100 hadi karibu 2,800 kwa dola, huku mfumuko wa bei ukiwa umezidi asilimia 20. Lakini kilichokuwa kikizalisha pengo hakikuguswa, na bei ya mtaani ikaendelea kuiacha ile rasmi. Foleni za mafuta Bujumbura ni dada wa foleni za sabuni za Dar es Salaam ya mwaka 1983.

Hesabu hizi zina kazi nyingine mbele yake. Novemba 2013 nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini itifaki ya kurudi kwenye sarafu moja. Masharti ya kuingia yanasomeka kama orodha ya makosa yaliyotajwa hapa: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti baada ya misaada isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi asilimia 50 ya pato hilo kwa thamani ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu. Mwanachama atakayeingia bila kuyatimiza hataweza tena kushusha sarafu yake peke yake. Atakayoongeza yatalipwa na mnunuzi wa Arusha, Eldoret na Mbarara kwa pamoja. Sarafu hiyo ilipangwa kuanza mwaka 2024. Mwaka huo umepita, na tarehe mpya iliyowekwa ni 2031.